Chaji ipo, laptopu inazima

"Laptopu yangu inaonyesha chaji asilimia 68, lakini nikichomoa waya tu, inazima palepale. Hiyo chaji inakwenda wapi? Na betri ikivimba maana yake nini?"

Chaji haiendi popote. Imo ndani ya betri, ila betri iliyochoka haiwezi kuitoa kwa kasi ambayo mashine inaitaka. Kuvimba ni jambo jingine: ni gesi iliyojitengeneza ndani, na betri iliyovimba iache kutumika hata kama bado inatunza chaji vizuri.

Kwa muda mrefu nililielewa jambo hili vibaya. Nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye tabia hiyohiyo, na kwa sababu kioo kilinionyesha asilimia zaidi ya 60, niliamini betri ni nzima. Nikalaumu chaja, nikanunua nyingine. Hakikubadilika kitu. Nikahamia kwenye bodi kuu, nikiwa na hakika kwamba kuna njia ya umeme imeungua. Fundi niliyempelekea hakufungua bodi kabisa. Alichukua betri nzima kutoka kwenye mashine ya modeli ileile, akaipachika kwenye yangu, akachomoa waya. Laptopu ikaendelea kuwaka. Angeona inazima hata kwa betri hiyo, hapo ndipo angeanza kupima bodi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ile asilimia ni kipimo cha afya ya betri. Sivyo. Ndani ya betri kuna kisahani kidogo chenye saketi inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inakadiria kilichobaki. Ni hesabu ya ghala. Ghala linaweza kuwa na magunia mengi na mlango wake ukawa umeziba.

Mfano wa maji unafaa zaidi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina tangi juu ya mnara, na zinazotumia maji ya kisima chenye chumvi huona mabomba yakijenga ukoko mweupe kwa ndani mwaka hadi mwaka. Tangi limejaa. Ukifungua bomba la jikoni kidogo, maji yanatoka bila shida. Fungua bafu na jikoni kwa pamoja, maji yanakuwa uzi. Hakuna aliyeiba maji. Njia ndiyo imekuwa nyembamba.

Betri ya lithiamu nayo hujenga ukoko wake. Chembe za grafaiti zilizo upande hasi hufunikwa na utando mwembamba unaotokana na ile elektrolaiti, yaani kimiminika kinachopitisha lithiamu kati ya pande mbili. Utando huo unahitajika, kwani bila huo elektrolaiti ingeendelea kuharibika kwa kasi. Lakini unaendelea kunenepa kidogo kidogo, hasa kwenye joto na hasa betri ikikaa imejaa muda wote. Ukinenepa hula sehemu ya lithiamu, ndiyo maana chaji hupungua, na huongeza ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita. Hilo la pili ndilo linalozima laptopu.

Tuchukue betri ya seli tatu zilizopangwa kwa mfululizo, ambayo ikiwa imetulia inatoa volti 11.5. Mashine inafanya kazi ya wati 30. Betri ikiwa mpya, tuseme ukinzani wake wote ni omu 0.15. Mashine itavuta ampea 2.7 hivi, na volti zitashuka hadi 11.1 tu. Sasa ukinzani ukipanda hadi omu 1, mambo yanageuka. Volti zinashuka, lakini mashine bado inadai wati zake 30, kwa hiyo inavuta ampea zaidi. Ampea zikiongezeka, volti zinashuka tena. Hesabu inatua kwenye ampea 4 na volti 7.5, yaani volti 2.5 kwa kila seli. Saketi ya ulinzi kwa kawaida huwa imeshakata umeme kabla ya hapo, kwa kuwa seli ya lithiamu ikishushwa chini sana huharibika. Kioo kinakuwa cheusi, na hesabu ya ghala bado inasema 68.

Betri hiyohiyo, mashine ikiwa imetulia na kutumia wati 8 tu, ingebaki na volti 10.8 hivi. Ndiyo sababu laptopu nyingine hudumu dakika kadhaa bila waya ukiwa unasoma tu, kisha ikazima ghafla unapofungua video. Ukiona hivyo, shuku ukinzani kwanza. Ikizima papo hapo kila mara, hata ikiwa haifanyi lolote, inaweza kuwa betri iliyochoka zaidi, kiunganishi kilicholegea, au bodi kuu yenyewe, na hapo jaribio la kubadilisha betri ndilo linaloamua.

Kwenye Windows unaweza kupata picha ya uchakavu kwa amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuambia faili limehifadhiwa wapi. Ndani yake linganisha DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa sasa. Ya kwanza ikiwa 41,000 na ya pili 18,000, betri imebaki na chini ya nusu. Lakini ripoti hiyo nayo ni hesabu ya ghala, haikuonyeshi ukinzani. Betri inaweza kuonekana ya wastani humo na bado ikashindwa kubeba mzigo.

Turudi kwenye kuvimba. Elektrolaiti inapoharibika kwa joto, kwa kujazwa kupita kiasi au kwa kasoro ya seli, hutoa gesi, na baadhi yake inaweza kushika moto. Laptopu nyembamba za siku hizi hutumia seli zilizofungwa kwenye mfuko laini, kwa hiyo gesi inausukuma mfuko. Mara nyingi dalili huanza kuonekana nje: sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole inakuwa ngumu kubonyeza au inanyanyuka, kifuniko hakifungi sawasawa, mashine inayumba juu ya meza iliyonyooka. Yote hayo yanaweza kutokea huku chaji ikidumu saa tatu.

Usiitoboe kutoa hewa. Ndani ya mfuko, upande chanya na upande hasi vimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Sindano ikiupita, pande hizo zinagusana, umeme wote uliomo unageuka joto, na gesi iko palepale. Zima mashine, chomoa chaja, usiikandamize kifuniko kifunge, na umpe fundi aitoe. Laptopu nyingi, ingawa si zote, zitawaka kwa chaja bila betri. Iliyotolewa ikae juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na jua na vitu vya kuungua, hadi ipate mahali pa kukusanyia taka za kielektroniki. Pipa la taka za nyumbani si mahali pake, kwa sababu taka hizo hugandamizwa na mara nyingi huchomwa.

Betri za zamani, zile nene za kuchomoa kwa nyuma, huzioni zikivimba. Seli zake ni za duara, kwenye kopo la chuma. Gesi hutokea humo pia, ila kopo halitanuki. Badala yake, seli nyingi za aina hiyo zina kisahani chini ya ncha chanya ambacho msukumo wa gesi ukizidi hukiinua, na kikiinuka kinakata njia ya umeme moja kwa moja. Laptopu ya aina hiyo inaweza kulala ikiwa nzima na kuamka ikiwaka kwa waya tu.