Bajeti ya sola ya shule bila fungu la betri za pili

Kila mara nikipewa bajeti ya sola ya shule ya kijijini niipitie, mstari wa mwisho ni ule ule: "Gharama za uendeshaji: hakuna, kwa kuwa jua halina bili." Jua halina bili, sawa. Betri je?

Tuchukue shule ya kawaida. Taa 24 za wati 10 kwa saa 4 za masomo ya jioni zinakula wati-saa 960. Kompyuta mpakato 5 kwa saa 3, wati 40 kila moja, ni 600. Simu za walimu tuziwekee 200, na kifaa cha intaneti 80. Jumla 1,840. Hapo wengi hufunga daftari, wakisahau kwamba inveta yenyewe inakula hata kama hakuna taa inayowaka. Inveta ya wati 15 iliyoachwa imewashwa usiku na mchana inameza 360 kwa siku, na sasa tuko 2,200.

Tukitaka shule ivuke siku moja ya mawingu, tunahitaji akiba ya siku mbili, yaani wati-saa 4,400. Betri za risasi hazifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tunanunua mara mbili ya hapo, yaani 8,800. Betri 4 za volti 12, ampea-saa 200, zikifungwa mbili mbili kupata volti 24, zinatupa 9,600. Zinatosha.

Paneli ndipo panaponikera. Kwa saa 4.5 za jua kamili na upotevu wa asilimia 30, hesabu inasema wati 700, basi mtu ananunua paneli 2 za wati 400 na kujiona mjanja. Lakini betri hizo kwa pamoja ni ampea-saa 400, na betri za risasi hutaka kuchajiwa kwa takriban moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 40. Wati 800 hata jua likiwa kali hazifiki ampea 30. Betri hazijai sawasawa, sahani zinaganda chumvi, na ndani ya miaka miwili taa zinazima saa mbili usiku. Kisha lawama zinaangukia "betri feki". Weka paneli 3 na kontrola ya ampea 50. Paneli ya tatu ni bei ndogo sana ukilinganisha na seti nzima ya betri.

Sasa bajeti. Tuseme fedha zote ni mafungu 100. Mgawo wa mfano ni huu: betri 30, paneli 15, inveta 12, kontrola 6, nyaya na breka na fyuzi na waya wa ardhini 12, fremu 7, usafiri 6, ufundi 12. Hayo 12 ya ufundi yajumuishe fundi kurudi baada ya mwezi mmoja kukaza viunganishi, na yasilipwe yote siku ya kuwasha taa. Ukimlipa yote siku hiyo, hutamwona tena.

Betri za risasi zikitunzwa zihesabie miaka 4, inveta 8, kontrola 10. Gawa: 30 kwa miezi 48, 12 kwa miezi 96, 6 kwa miezi 120. Inakuja kama fungu 0.8 kila mwezi, au karibu moja ya kumi ya gharama ya mwanzo kila mwaka. Hiyo ndiyo bili ya jua. Kama shule haina pa kuitoa, punguza kompyuta leo, mfumo wote uwe mdogo.

Na lithiamu? Ndani ya miaka 20 utanunua seti 5 za risasi. Muuzaji akikuahidi miaka 10, ni seti 2 tu za lithiamu, kwa hiyo inakulipa hata ikiuzwa mara mbili na nusu ya seti ya risasi. Mimi ahadi hiyo siiamini sana kwenye stoo yenye bati na joto. Nahesabu miaka 8, seti 3, na kikomo changu kinashuka hadi mara 1.7 hivi.

Jambo moja linaloua bajeti hata ikiwa na mfuko wa kulipia bili hiyo ya jua: betri moja ikifa, kamati inanunua moja mpya na kuichanganya na tatu kuukuu. Mpya inaburuzwa na wenzake na kuzeeka mapema. Kabla ya kununua chochote, zijaze, zima kila kitu, tenganisha betri zote, ziache saa kadhaa, kisha pima moja moja. Nzima itasoma karibu volti 12.7. Moja ikisoma 12.1 na nyingine 12.6, umeshampata mgonjwa. Zikiwa zimevuka miaka mitatu, badilisha zote nne, na hizo kuukuu ziuze kwa wanaoyeyusha risasi. Pesa yake irudi kwenye mfuko ule ule, isiende kwenye chaki.