Pamba tupu na dhana nyingine potofu kuhusu skrabu

"Fundi, nataka skrabu za pamba tupu, asilimia mia, poliesta inachoma." Skrabu ni ile sare ya kazi ya hospitali, shati na suruali, na kauli hiyo naisikia kwa manesi, kwa watu wa maabara, kwa madaktari wa mafunzo, na siku hizi hata kwa wazazi wanaomshonea mtoto anayeanza chuo cha uuguzi. Inasemwa kama amri. Nimechoka kueleza huku mguu uko kwenye cherehani, kwa hiyo naandika mara moja.

Dhana: pamba tupu ndiyo kitambaa bora cha skrabu

Pamba tupu ni rafiki wa ngozi, lakini skrabu haichaguliwi kwa kuipapasa dukani. Ichague kwa namna itakavyofuliwa. Shati la kanisani hufuliwa mara moja kwa wiki, tena kwa maji ya kawaida. Skrabu hufuliwa kila baada ya zamu, kwa maji ya moto, na mara nyingi kwa jiki. Hapo ndipo pamba inapoanza kukuangusha.

Kwanza hupungua. Wakati wa kusokotwa na kufumwa, uzi wa pamba huvutwa ukakazwa. Ukiingia maji ya moto huvimba, hulegea na kujirudi, zaidi upande wa mtande, yaani urefu wa kitambaa. Pamba ambayo haikupunguzwa kiwandani hupoteza asilimia 5 bila shida. Chukua suruali yenye urefu wa ndani wa sentimita 76: asilimia 5 ni karibu sentimita 4. Nesi aliyepimwa vizuri kabisa sasa anaonyesha soksi, na sehemu ya kati ya suruali imepanda inambana kila akiinama kutandika kitanda. Anarudi kwangu akisema nimemkatia fupi.

Pili, pamba hushika maji. Hata ikiwa kavu kabisa machoni, hubeba unyevu wa hewa unaofikia karibu asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifikii hata asilimia 1. Jasho la kwanza la zamu pamba hulinywa, ukajisikia vizuri. Baada ya saa sita imeshiba, ni nzito mgongoni, na haikauki. Ukiifua usiku wakati wa masika, asubuhi pindo na mifuko bado ni mbichi.

Kwa mtu anayefua nyumbani mimi humpa mchanganyiko wa poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35, wenye uzito wa gramu 160 hadi 190 kwa mita ya mraba. Pamba iliyomo inatosha kunyonya jasho, poliesta inashika umbo na kukausha haraka. Na lile joto mnalolalamikia mara nyingi linatokana na ufumaji na uzito. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita upande wa pili, hewa itapita pia kifuani. Kuna pamba nzito ya drili itakayokuchemsha kuliko mchanganyiko mwepesi.

Halafu, ndugu yangu, mengi yanayouzwa kama pamba tupu si pamba. Chomoa nyuzi chache ukingoni na uziwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba huwaka kwa mwali, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ukilisugua kwa vidole hupukutika. Poliesta hukimbia moto, hujikunja na kuyeyuka, ikipoa huacha kishanga kigumu cheusi. Ukiona mwali, harufu ya karatasi na kishanga kwa pamoja, huo ni mchanganyiko.

Bado unaitaka pamba? Nunua kitambaa cha ziada, na kabla hakijakatwa chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika. Kifue kwa maji ya moto, kikaushe, ukipime tena. Kikisoma 47 na nusu, umepoteza asilimia 5, na fundi yeyote makini atakufulia kitambaa chote kwanza ndipo akate. Pamba inamfaa mtu ambaye ngozi yake inakataa poliesta, na inafaa pale hospitali inapofua na kupiga pasi yenyewe.

Dhana: maji ya moto yanaharibu skrabu, bora ya baridi na jiki nyingi

Mwongozo wa huduma ya afya ya Uingereza kuhusu sare unasema dakika 10 kwa nyuzi joto 60 huondoa karibu vijidudu vyote. Kwa ndoo unaweza kukaribia hapo: changanya sehemu mbili za maji yaliyochemka na moja ya bomba, weka sabuni, zamisha nguo kwa mwiko wa kufulia, funika ndoo. Kosa linalofuata ndilo linaloharibu: kuzikamua zikiwa bado za moto. Poliesta ikiwa na joto la nyuzi 70 hivi hulainika, na mikunjo unayoikamua hapo hugandia humo ikipoa. Acha maji yapoe ndipo ukamue.

Jiki ndiyo adui wa kitambaa kinachovutika. Ile spandeksi ndani yake, yaani uzi unaovutika kama mpira, hulegezwa na klorini na joto kali, suruali ikabaki imetuna magotini na makalioni kama ya mtu aliyekonda ghafla. Ukitaka ya kuvutika, weka jiki mbali nayo.

Dhana: mifuko mingi ndiyo skrabu ya kitaalamu

Mifuko saba huwa saba ya kusahau vitu. Nimewahi kuletewa suruali ya kurekebisha ikiwa na plasta iliyofuliwa hadi ikageuka gundi, na wino wa kalamu umeingia hadi ndani ya mshono. Minne inatosha: miwili ya chini ya shati, mmoja mwembamba wa kalamu kifuani, mmoja wa paja kwa simu.

Mahali ndipo penye kazi. Mfuko wa kifua wenye mdomo mpana humwaga kalamu juu ya mgonjwa ukiinama, na simu ukiiweka humo hukokota shingo ya shati mbele zamu nzima. Mfuko wa paja ukae juu ya mshono wa pembeni, usisogee mbele, la sivyo ukikaa simu inakuchoma nyonga. Mwambie fundi akaze pembe za juu kwa mshono wa kurudiarudia, maana hapo ndipo pa kwanza kuchanika. Pembe za chini ziwe za mviringo; za mraba hukusanya uchafu ambao ndoo haiutoi.

Dhana: chukua kubwa, utapata hewa

Kubwa hujiburuza. Mikono mipana hugusa shuka na trei, pindo refu hufagia sakafu ya wodi. Jaribu ukiwa umevaa viatu vya kazi: pindo liishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu. Inua mikono yote miwili, tumbo lisionekane. Chuchumaa kabisa, suruali isishuke nyuma. Kisha inama mbele ya kioo uangalie shingo, kwa sababu hicho ndicho mgonjwa aliyelala anachokiona. Ukifeli moja, rekebisha sehemu hiyo tu. Kuongeza saizi nzima kwa sababu ya nyonga kunakupa mabega ya mtu mwingine.

Dhana: kitambaa cha kuua vijidudu hakihitaji kufuliwa sana

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha jaribio la manesi 40 wa vyumba vya wagonjwa mahututi, wakiwavalisha skrabu za kawaida na zilizotiwa dawa. Zilizotiwa dawa hazikuwa na vijidudu vichache kuliko za kawaida. Pesa hiyo nunua pea ya tatu.