Saa 10 si saa kumi: jedwali la safari lisilompoteza mgeni

Juzi tena mteja kaniletea safari ya familia yake ya kuja Lamu imeandikwa aya tupu. "Dada, zikate uziweke kwenye jedwali, saa ziache vivyo hivyo." Siziachi, na sababu ninayo.

Dhana: saa hunakiliwa zilivyo.

Aya yake ilisema: "Tunatoka Malindi na basi saa moja asubuhi. Usiku wa Ijumaa tutakula Shela saa mbili. Jumamosi ndege 10:00." Saa mbili za kwanza kahesabu kwa Kiswahili, ya tatu kainakili kwenye tiketi. Ndani ya aya neno "asubuhi" humwongoza msomaji. Ukikata ukabandika, neno hilo hubaki nje, na safu ya saa inasomeka 1:00, 2:00, 10:00. Niliwahi kumwandikia mgeni "saa 10" hivyo hivyo. Alikuja gatini saa nane mchana, ametulia, akijua ndege ni ya alasiri. Ilikuwa imeruka saa nne asubuhi.

Tangu hapo naweka safu mbili: saa ya tiketi kwa mfumo wa saa 24, na pembeni saa yetu kwa maneno. Tofauti ni saa sita.

Na "usiku wa Ijumaa"? Kwetu Lamu siku huanza magharibi, kwa hiyo ni Alhamisi jioni. Shemeji zake wa Nairobi wangekwenda Shela siku ya pili yake. Nilimuuliza kwanza, ndipo nikaandika, vivuko bado:

| Siku | Tiketi | Saa yetu | Mahali | Namba ya buking |
|---|---|---|---|---|
| Alhamisi | 07:00 | saa moja asubuhi | Malindi, basi | ya tiketi ya basi |
| Alhamisi | 20:00 | saa mbili usiku | Shela, chakula | haihitajiki |
| Jumamosi | 10:00 | saa nne asubuhi | Manda, ndege | 48E217 |

Dhana: mahali ukiandika "Lamu" yatosha.

Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya maji, na basi linaishia Mokowe, upande wa bara. Kila kivuko kipewe mstari wake, chenye saa yake. Boti haina buking, basi andika "haihitajiki". Kisanduku kitupu kwangu kina maana moja: bado hatujalipia.

Dhana: namba yoyote iliyo kwenye tiketi ni sawa.

Ya buking ya ndege ni ile fupi ya herufi na tarakimu sita. Ile ndefu ya tarakimu 13 ni ya tiketi yenyewe. Na ukiandika 48E217 kwenye Excel, itaidhania hesabu na kukuonyesha 4.80E+218. Chagua safu nzima, `Format Cells`, kisha `Text`, kabla hujabandika chochote. Ukichelewa, kuigeuza baadaye hakurudishi kitu: fungua tiketi uichape upya.