Meneja akiomba kazi ya msaidizi wa hesabu: wasifu wake usomwe vipi

Tangu misaada ya USAID iliposimamishwa Januari 2025 na miradi mingi kufungwa, si ajabu kutangaza kazi ndogo ya hesabu hapa Kampala kisha ukakuta, katikati ya vijana waliomaliza chuo juzi, wasifu wa mtu aliyekuwa meneja wa fedha. Maafisa wengi huuweka pembeni hapo hapo na kuandika "sifa zimezidi". Mimi naona neno hilo halisemi kitu. Maswali ni mawili tu: je, kazi hii yenyewe anaiweza, na akiipata atakaa miezi mingapi yenye faida kwako? Yote mawili yana majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo imo kwenye wasifu.

Tuchukue mfano. Kampuni ya kusambaza bidhaa, yenye ghala Nalukolongo, inatafuta msaidizi wa hesabu. Mshahara ghafi ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kazi ni kutoa ankara kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, kulinganisha pesa za simu na za benki na daftari la mauzo kila siku, kutunza fedha ndogondogo, na kuandaa makaratasi ya VAT, ya PAYE ambayo ni kodi ya mishahara, na ya michango ya mfuko wa NSSF kabla ya tarehe 15 ya kila mwezi. Tangazo linataka uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Waombaji wawili wamezidi mno. Wa kwanza ana miaka 11 kwenye miradi ya wafadhili, ana cheti cha uhasibu cha ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, na kazi yake ya mwisho ilikuwa umeneja wa fedha hadi Machi 2025. Wa pili alikaa benki miaka 14, akatoka 2022, na tangu hapo anawatunzia vitabu wafanyabiashara wadogo watano huku akiendesha duka lake.

Anza na vitenzi. Wasifu wa mtu mkubwa umejaa "niliongoza", "nilisimamia", "niliidhinisha". Hayo si makosa, ila kazi unayotangaza ni ya mikono. Shuka ukurasa hadi ukute "nililinganisha", "niliingiza", "niliandaa", kisha tazama mwaka. Kwa mwombaji wa kwanza, mara ya mwisho mikono yake ilipoingiza stakabadhi ni 2017. Hapo ndipo neno "amezidi" linapogeuka. EFRIS ilianza kuwa ya lazima kwa waliosajiliwa VAT Januari 2021, naye wakati huo alikuwa akiidhinisha malipo ya mradi ambao haukuwa na bidhaa wala mteja wa kumtolea ankara. Kwa hiyo meneja huyu, kwenye kazi unayomtakia siku ya kwanza, ni mwanafunzi. Atajifunza haraka, labda mwezi mmoja badala ya mitatu ya kijana, lakini usimhesabie kwamba anaingia akiwa tayari. Wa pili hana cheo cha kutisha tangu 2022, ila mstari mmoja mfupi unasema anatoa ankara za EFRIS kwa wateja watatu kati ya wale watano. Mstari huo kwangu una uzito kuliko miaka yote 14 ya benki.

Sasa tarehe. Hatari ya mtu kuondoka haisomeki kwenye ukubwa wa cheo bali kwenye namna alivyoondoka huko nyuma. Andika kila kazi kwenye karatasi: alianza lini, iliisha lini, na nani aliimaliza. Mradi ulioisha kwa sababu mfadhili amefunga mlango si sawa na mtu aliyehama kila baada ya miezi kumi. Mwombaji wa kwanza alihama mara tatu katika miaka 11, na mara zote ilikuwa mwisho wa mkataba wa mradi. Hilo linamfanya mwaminifu, lakini pia linaonyesha kitu kingine: maisha yake yote ya kazi yamo kwenye soko moja, na soko hilo likifunguka hata kidogo atarudi. Si tabia mbaya. Ndiko wanakomjua na ndiko cheti chake kinakolipwa. Mwombaji wa pili alikwisha kushuka kwa hiari yake miaka kadhaa iliyopita na hakurudi juu. Mtu aliyekwisha kuishi na kipato kidogo, akazoea, hatishiki na mshahara wako.

Umri usiuingize hapa. Nimeona karatasi za alama zenye maneno "mzee kwa timu yetu"; hilo halipimi lolote kati ya yale mawili.

Kwenye pesa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu wanalinganisha mishahara ghafi kwa macho tu. Fanya hesabu ya kinachobaki mkononi. Kwa viwango vya PAYE ambavyo malipo yetu yamekuwa yakifuata, mtu anayelipwa zaidi ya 410,000 na asiyefika milioni 10 anakatwa 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000. Kisha NSSF yake ni asilimia 5, na mwajiri anaongeza asilimia 10 juu. Kwa 1,200,000, PAYE ni 262,000 na NSSF ni 60,000, kwa hiyo mkononi zinabaki 878,000. Tuseme meneja wetu alikuwa kwenye 4,500,000: PAYE 1,252,000, NSSF 225,000, mkononi 3,023,000. Kila mwezi pengo ni zaidi ya shilingi milioni mbili.

Hapo bosi mwenye huruma husema, basi tumwongeze kidogo, tufike 1,500,000. Ipige hesabu hiyo kabla hujaafiki. Nyongeza ya 300,000 inaigharimu kampuni 330,000 ukiweka NSSF ya mwajiri. Yeye mkononi anapata 1,073,000, yaani 195,000 zaidi. Pengo la milioni mbili limebaki karibu vilevile, na wewe umeshaligusa fungu la mwaka mzima. Zaidi ya hayo, kama mhasibu atakayemsimamia analipwa 1,700,000, umebana nafasi kati ya msimamizi na msaidizi hadi imebaki 200,000, na habari za mshahara hazikai siri ofisini hata wiki mbili. Nyongeza ndogo hainunui muda wa mtu mkubwa. Ama anaweza kuishi na mshahara uliotangazwa, ama hawezi.

Ndiyo maana namba inatajwa kwa simu kabla ya usaili. Barua nyingi huandika "mshahara ni wa maelewano", na maneno hayo kwa kawaida yana maana kwamba mwombaji anasubiri utaje wewe. Taja basi:

"Habari za asubuhi, bwana. Kazi hii ni ya msaidizi, mshahara ghafi ni 1,200,000, na hauendi juu ya 1,300,000. Mkononi ni kama laki nane na sabini. Umeipigia hesabu?"

Kisha nyamaza. Jibu la "mshahara si tatizo, nataka kazi tu" ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mtu aliyepiga hesabu hujibu kwa vitu: kwamba mkopo wa benki alishaumaliza, au kwamba duka linalipa kodi ya nyumba na anachotafuta ni karo ya muhula pamoja na NSSF ya kila mwezi. Wewe usimuulize mambo ya mke wala watoto. Akitaka kusema atasema. Anayejibu "tuanze kwanza, mengine tutazungumza baada ya kipindi cha majaribio" amekwambia wazi kwamba mazungumzo ya mshahara yameahirishwa tu, nawe utayakuta mwezi wa sita.

Baada ya simu, geuza hatari iwe miezi. Kijana anayefaa huchukua kama miezi mitatu kabla hajaachiwa kufunga hesabu za mwezi peke yake, na kwenye kazi ya aina hii namkadiria miaka miwili, hivyo miezi 21 ya faida. Meneja nampa mwezi mmoja wa kujifunza EFRIS na, kwa yale tuliyosoma, miezi minane. Inabaki saba. Hii ni kadirio langu, nawe weka yako kutoka kwenye orodha ya walioacha kazi hiyo hapo kwenu. Lakini iandike, ili wenzako kwenye jopo wabishane na namba badala ya hisia.

Kuna jambo moja ambalo jopo hulisahau. Sheria ya Ajira ya 2006 inataka notisi ya siku 14 wakati wa majaribio, na wiki mbili kwa aliyevuka miezi sita lakini hajatimiza mwaka. Mtu akikuletea barua tarehe 3, kufikia 17 hayupo, na katikati yake ndipo ilipo tarehe 15 ya URA. Swali la kweli basi ni nani mwingine anaweza kufunga mwezi akiondoka ghafla. Kama hakuna, miezi saba ya meneja ni ghali kuliko inavyoonekana. Kumfunga kwa faini au kumwekea notisi ya miezi mitatu hakusaidii. Utabaki na mtu aliyekaa kwenye kiti huku moyo wake uko kwingine, na huyo ndiye anayeshika fedha ndogondogo.

Kwa hiyo kwa mfano wetu, wa pili anaitwa usaili na anapewa jaribio la mikono la dakika 40: taarifa ya benki ya wiki moja, orodha ya pesa za simu, na makosa matatu yaliyofichwa, mojawapo likiwa ada ya kutoa pesa ambayo haikuingizwa. Akiyapata mawili na kueleza la tatu lingetafutwa wapi, inatosha.

Wa kwanza haitwi kwa kazi hii. Lakini kabla hujafunga faili, muulize mkuu wa fedha kama kuna kazi yenye mwisho inayomsubiri mtu: vitabu vya tawi la Mbarara ambavyo havijalinganishwa mwaka mzima, au maandalizi ya ukaguzi. Miezi sita ya mtu wa aina hii kwenye kazi kama hiyo, kwa mkataba wenye mwisho na bei yake halisi, ni biashara nzuri, kwa sababu hapo kuondoka kwake kumeshapangwa tangu siku ya kwanza. Kama hakuna, barua yake ya jibu isiandikwe "una sifa nyingi mno". Andika kwamba kazi ilihitaji mtu aliyetumia EFRIS kwa mikono ndani ya miaka miwili iliyopita, na kwamba mshahara una kikomo cha 1,300,000.