Rezistansi za 5% hazikupi kosa la 5%

Nilitengeneza vijisanduku viwili vya kulinda batri ya sola kwa majirani wawili hapa Goma. Mchoro mmoja, programu moja, rezistansi za mstari wa dhahabu kutoka dukani huko Birere, yaani zile ambazo thamani yake inaweza kupotoka hadi 5%. Kila kimoja kilitakiwa kukata taa batri ikishuka hadi volti 11.5. Baada ya wiki, jirani wa kwanza akaja: “Fundi, taa zinazimika mapema, na batri bado ina nguvu.” Wa pili hakulalamika, na huyo ndiye aliyekuwa na shida kubwa zaidi: batri yake ilikuwa ikinyonywa mpaka volti 11.

Kinachopima batri ni kigawa volteji, rezistansi mbili zinazoshusha volti za batri ili Arduino iweze kuzisoma: R1 ya kiloohm 10 juu na R2 ya kiloohm 4.7 chini, na Arduino inasoma katikati. Hesabu ya kawaida:

```
Vout = Vin * R2 / (R1 + R2)
```

Kwa volti 11.5, katikati zinapatikana volti 3.68. Programu inasubiri namba hiyo.

Dhana: “Rezistansi ni za 5%, basi jibu litapotoka kwa 5%.”

Hapana. Inategemea unagawa kwa kiasi gani. Tazama ni sehemu gani ya volteji inayobaki juu ya rezistansi ya juu. Kwetu ni kama 0.68. Zidisha hiyo kwa mara mbili ya asilimia ya rezistansi: 0.68 × 10% ni karibu 6.8%. Ukigawa nusu kwa nusu, ndipo kosa linakuwa 5% kweli. Ukishusha volteji hadi sehemu moja ya kumi, linafika 9%. Kadiri unavyoishusha zaidi, ndivyo linavyokaribia 10%.

Dhana: “Kupata hali mbaya kabisa, weka zote mbili kwenye +5%.”

Hili nimeliona kwa mafundi wazuri kabisa, na linasikitisha kwa sababu mtu amefanya kazi ya kuhesabu akapata faraja ya uongo. Zikiongezeka zote kwa asilimia ileile, uwiano haubadiliki hata kidogo: 10.5 juu na 4.935 chini zinatoa volteji ileile ya 10 na 4.7. Ubaya unakuja zinapoachana. Volteji ya juu kabisa ni pale ya juu inapopungua (9.5) na ya chini inapoongezeka (4.935). Ya chini kabisa ni kinyume chake: 10.5 na 4.465.

Sasa rudi kwenye batri. Programu inasubiri 3.68 ileile. Katika hali ya kwanza, itakata batri ikiwa volti 10.75, yaani imechelewa sana. Katika hali ya pili itakata kwenye 12.3, wakati batri ya risasi iliyopumzika kwenye volti hizo bado ina zaidi ya nusu ya chaji. Volti moja na nusu kati ya vijisanduku vya mchoro mmoja, na hakuna rezistansi hata moja iliyovunja ahadi yake!

Nilizing'oa nikazipima kwa multimeta. Kwa jirani wa kwanza: 10.4 na 4.55, kwa hiyo ilikata kwenye 12.08. Kwa wa pili: 9.7 na 4.85, ikakata kwenye 11.03. Zote ndani ya 5%.

Dhana: “Nitasahihisha kwenye programu, yameisha.”

Kwa usomaji, ni kweli. Pima batri na pima katikati kwa multimeta ileile, gawa ya pili kwa ya kwanza, uandike uwiano huo kwa kijisanduku hicho peke yake:

```
float k = 0.3044;
float vbat = analogRead(A0) * 5.0 / 1024 / k;
```

Lakini programu haiwezi kurudisha kile ambacho pini haikukiona. Chaji ikifika volti 15, kigawa kizuri kinatoa 4.80. Kile kibaya kinatoa 5.13, na Arduino ya volti 5 haisomi kupita hapo: kuanzia karibu volti 14.6 za batri, namba inasimama kwenye 1023. Ukiona namba imeganda hivyo jua likiwa kali, usilaumu programu. Hapa ni lazima uhesabu hali mbaya kabla ya kushika chuma cha kuchomelea. Nimeweka kiloohm 3.9 badala ya 4.7, na sasa hata rezistansi zikiachana kabisa, volti 15 zinatoa 4.52.

Rezistansi za 1%, zile za mistari mitano, zikiwa 10 na 4.7 zinabana ukataji uwe kati ya volti 11.35 na 11.66 bila kupima chochote. Kwa jirani wa pili nimeweka hizo.