Katoni 7,000 zinaposhindwa na 4,800: dhana potofu katika kusoma wasifu wa msimamizi wa uzalishaji

Chukua tangazo hili la kazi, nimelitunga kwa mfano tu. Kiwanda cha kujaza vinywaji kwenye chupa kinatafuta msimamizi wa uzalishaji wa laini moja. Mashine ya kujaza ina kasi ya chupa 12,000 kwa saa. Shifti ni saa nane, nusu saa ni ya mapumziko. Lengo ni katoni 6,000 za chupa 12 kila shifti. Msimamizi atakuwa na watu 22, muda wa mashine kusimama usizidi asilimia 10, na ajali zisizidi 2 kwa kila saa 200,000 za kazi.

Mezani umebaki na wasifu mbili. Mwombaji wa kwanza anazalisha katoni 7,000 kwa shifti na mashine zake husimama asilimia 5 tu. Wa pili anasema alipandisha uzalishaji kwa asilimia 20, kutoka katoni 4,000 hadi 4,800, akapunguza kusimama kwa mashine kwa asilimia 40, akasimamia watu 60, na kwa miaka miwili hakukuwa na ajali. Wote wawili wanatoka kwenye viwanda vya chupa, katoni za 12, shifti kama hiyohiyo.

Wengi wataanza kumpigia simu wa kwanza. Mimi ningeanza na wa pili, na sababu zimo ndani ya namba zao wenyewe.

Dhana: Aliyevuka lengo letu kule alikotoka atalivuka na hapa

Katoni 7,000 ni nyingi kuliko 6,000, hilo halina ubishi. Lakini katoni hazitoki kwa msimamizi, zinatoka kwenye mashine, na msimamizi anapimwa kwa kile alichokiacha kipotee. Kwa hiyo swali la kwanza ni kasi ya mashine aliyokuwa nayo. Mara nyingi haimo kwenye wasifu. Mpigie simu umuulize, ni jambo la dakika moja. Msimamizi wa kweli huijua kasi ya mashine yake kama anavyojua umri wa mwanawe, na anayeanza kubabaika hapo tayari amekujibu.

Tuseme wa kwanza anajibu: chupa 15,000 kwa saa. Shifti yake ina dakika 450 za kazi. Katoni 7,000 ni chupa 84,000, na kwa kasi hiyo mashine ingezimaliza kwa dakika 336. Maana yake kila shifti dakika 114 hazikuzalisha kitu. Laini yake ilitoa chini kidogo ya asilimia 75 ya uwezo wake.

Wa pili anajibu: chupa 9,000 kwa saa, laini ya zamani. Katoni 4,800 ni chupa 57,600, sawa na dakika 384 za mashine. Amepoteza dakika 66. Laini yake ilitoa asilimia 85 ya uwezo.

Sasa rudi kwenye tangazo. Mashine ya chupa 12,000 ikienda bila kusita kwa dakika 450 inatoa katoni 7,500, hivyo lengo la 6,000 ni asilimia 80. Ukimleta wa kwanza na mazoea yake ya asilimia 75, utapata kama katoni 5,600. Ukimleta wa pili na ya kwake, utapata zaidi ya 6,300. Yule aliyeonekana amevuka lengo yuko chini yake, na yule aliyeonekana mdogo amelipita.

Baadhi ya waombaji hukuandikia herufi OEE na asilimia yake. Ni hesabu ya aina hiyohiyo, ikijumuisha muda, kasi na ubora. Iheshimu, ila iulize imepigwa kwa kasi gani. Nimeona laini iliyopata asilimia nzuri kwa sababu tu kasi iliyotumika kwenye hesabu ilikuwa ile waliyoizoea, siyo ile mashine iliyojengewa.

Dhana: Asilimia 5 za kusimama ni bora kuliko asilimia 12

Hapa ndipo wasifu nyingi hujisaliti, na ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mwombaji wa kwanza anadai asilimia 5. Katika dakika 450 hizo ni kama dakika 23. Lakini tumeshaona kwamba amepoteza dakika 114. Zimebaki dakika 91 zisizo na mwenyewe. Si lazima awe mwongo. Huenda kiwanda chake kinaandika kwenye daftari kusimama kunakozidi dakika tano tu, kama vinavyofanya viwanda vingi. Chupa ikianguka kwenye konveya, opereta akaitoa na kuwasha tena, ni sekunde 40, nani ataandika? Ila zikianguka mara 90 katika shifti, ni saa nzima. Muda wa kubadilisha aina ya chupa nao huenda hauhesabiwi, au mashine inaendeshwa polepole ili isijamu, au katoni zinarudishwa kwa sababu lebo zimekwenda upande. Yote hayo yanakula dakika wala hayaonekani kwenye ile asilimia 5.

Wa pili anasema amepunguza kusimama kwa asilimia 40. Maneno hayo peke yake hayana maana mpaka ujue alianzia wapi. Ukimuuliza, anasema kutoka dakika 90 hadi 54 kwa shifti, yaani kutoka asilimia 20 hadi 12. Kwa hiyo kwa kipimo cha tangazo bado hajafika, maana asilimia 10 ni dakika 45. Hilo liandike pembeni, ni upungufu wa kweli na ni wa kuzungumza naye. Lakini linganisha: amepoteza dakika 66, na 54 anazijua kwa jina. Zimebaki 12 tu. Daftari lake na katoni zake vinasema kitu kimoja.

Kuna swali lingine linalotoka kwenye namba zake, na ndilo ningelibeba kwenye usaili. Zamani, katoni 4,000 zilikuwa dakika 320 za mashine. Sasa ni 384. Ameongeza dakika 64, ilhali kusimama kulipungua kwa dakika 36 tu. Zile 28 nyingine zilitoka wapi? Aliyeifanya kazi kwa mikono yake atakuambia bila kufikiri sana: tulibadilisha reli za kuongozea chupa, zikaacha kuanguka, au chupa zilizokuwa zinakataliwa kwenye mashine ya vifuniko zilipungua tulipoanza kupima mkazo wa vichwa vya mashine kila mwanzo wa shifti. Aliyekuwepo tu wakati mambo yanabadilika atakuambia habari za ushirikiano wa timu. Na ukisikia kwamba mwaka huohuo iliongezwa mashine mpya au watu walianza kufanya kazi hadi saa za ziada, zile asilimia 20 zipe mwenyewe aliyelipa.

Dhana: Aliyesimamia watu 60 ni mkubwa kuliko kazi ya watu 22

Gawa kwa shifti. Watu 60 wakiwa wamegawanyika katika shifti tatu ni 20 kwa wakati mmoja, karibu sawa na tangazo. Kilichobaki ni kujua kama 20 hao walikuwa wakipokea maelekezo kwake moja kwa moja au kupitia viongozi wa vikundi, na kama wengi walikuwa wanapakia kwa mkono au wanaendesha mashine. Laini ya mikono husimama kwa sababu ya watu kutokuja. Laini ya mashine husimama kwa sababu nyingine kabisa. Dhana hii haihitaji zaidi ya hapo.

Dhana: "Hakuna ajali kwa miaka miwili" ndiyo alama ya juu ya usalama

Kipimo cha saa 200,000 kimetokana na watu 100 wanaofanya saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Kwa hiyo "ajali 2" kwenye tangazo ina maana ya ajali mbili kwa mwaka katika kundi la watu 100. Baadhi ya viwanda hutumia saa 1,000,000 badala yake, basi kabla ya kulinganisha angalia namba yako na ya mwombaji zinagawanywa kwa nini, la sivyo utamwona mmoja ni hatari mara tano ya mwenzake bila kosa lake.

Tuseme sifuri ya mwombaji wetu wa pili ni ya watu 20 wa shifti moja, siyo ya wote 60. Hao ni saa kama 40,000 kwa mwaka, 80,000 kwa miaka miwili. Hata kama kiwanda chake kingekuwa na kiwango kilekile cha ajali 2, shifti yake ingetarajiwa kupata chini ya ajali moja katika muda wote huo, na uwezekano wa kupata sifuri kwa bahati tu unakaribia nusu. Sifuri yake haimshtaki, lakini haimtetei pia. Kinyume chake, msimamizi wa watu 20 aliyepata ajali moja mwaka mmoja anaonyesha kiwango cha 5, akaonekana mbaya kwa tukio moja. Kwa kundi dogo hivi, kiwango kinapiga kelele kuliko kinavyopima.

Tafuta kile kinachotokea mara nyingi. Ni taarifa ngapi za nusura ajali zilizoandikwa na watu wake kwa mwezi, na zilishughulikiwa kwa siku ngapi? Zikipanda baada ya yeye kuingia, mara nyingi ni dalili njema: watu wameanza kusema. Shifti isiyo na taarifa hata moja ya nusura kwa mwaka mzima inanitia wasiwasi kuliko yenye 40.

Kisha unganisha usalama na kusimama kwa mashine, maana kwenye sakafu ya kiwanda haviachani. Muulize kila mmoja wao: chupa imevunjika ndani ya mashine ya vifuniko, opereta anafanya nini? Jibu sahihi lina hatua, na hatua zina dakika. Anazima, anakata umeme na hewa, anatia kufuli lake mwenyewe kwenye swichi na funguo inabaki mfukoni mwake, anajaribu kuwasha kuhakikisha imekufa, ndipo anafungua kinga na kuingiza mkono. Hapo si sekunde 40. Kwenye daftari linaloandika kusimama kunakozidi dakika tano, tukio hilo lingeonekana kila mara.

Kwa mwombaji wa kwanza, ambaye daftari lake lina dakika 23 tu, ningeuliza swali hilo taratibu na kumwacha aongee.