Maelekezo kwa Wazabuni: maana yake, na kwa nini tarehe zake husomwa pamoja

Maelekezo kwa Wazabuni ni sehemu ya hati ya zabuni inayoeleza nani anaruhusiwa kushiriki, zabuni iandaliwe na kuwasilishwa vipi, maswali yaulizwe kwa njia gani, na mwisho wa kupokea ni lini. Kazi inayotakiwa haimo humo. Imo kwenye vipimo na michoro. Malipo na adhabu za ucheleweshaji nazo zimo kwenye masharti ya mkataba. Kwa kawaida maelekezo haya hayaingii kwenye mkataba: yanatawala mashindano tu, na mkataba ukishasainiwa kazi yake imekwisha.

Katika hati sanifu, kama zile za Benki ya Dunia, maelekezo yenyewe hayaguswi kutoka zabuni moja hadi nyingine. Mambo mahususi, kama saa ya mwisho, idadi ya nakala na kiasi cha dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kumlipa mnunuzi mzabuni akijitoa, huandikwa kwenye karatasi ya taarifa za zabuni, na pakiwa na tofauti, karatasi hiyo ndiyo inayofuatwa. Kwa hiyo anayesoma maelekezo peke yake amesoma nusu. Viweke viwili hivyo kando kwa kando, usome kifungu kwa kifungu.

Ustahiki ni swali la kuruhusiwa kuingia, tofauti na uwezo wa kuifanya kazi. Kampuni yenye mitambo mizuri na uzoefu wa miaka mingi hukosa ustahiki ikiwa imefungiwa kushiriki zabuni, au ikiwa ina mgongano wa maslahi, kwa mfano mshauri wake ndiye aliyeandaa vipimo vya kazi hiyohiyo. Kwenye ubia, kila mbia hupimwa ustahiki wake. Mmoja akifungiwa, ubia wote umeanguka.

Kuhusu uwasilishaji, fuata tu ulivyoambiwa: nakala halisi na nakala nyingine zikitofautiana, nakala halisi ndiyo inayohesabika, na anayesaini awe na hati ya kumpa mamlaka hayo. Zabuni iliyochelewa haifunguliwi.

Penye utajiri zaidi ni kwenye ufafanuzi. Mzabuni asiyeelewa jambo huuliza kwa maandishi, na swali lazima liwe limepokelewa kabla ya siku iliyotajwa. Angalia neno hilo: limepokelewa, si limetumwa. Jibu hupelekwa kwa wote waliochukua hati, bila kumtaja aliyeuliza, ili asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake. Jibu la mdomo, hata likitolewa na mhandisi wakati wa kutembelea eneo la kazi, halibadilishi hati. Kinachobadilisha ni nyongeza ya maandishi, nayo huwa sehemu ya hati ya zabuni na humbana kila mzabuni.

Nyongeza ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu tarehe za zabuni zimeshikana. Chukua zabuni ambayo mwisho wake ni 28 Machi saa 4 asubuhi. Maswali yapokelewe siku 14 kabla, yaani kufikia 14 Machi. Zabuni iwe halali, yaani mzabuni abanwe na bei yake, kwa siku 120 tangu tarehe ya mwisho, na dhamana ya zabuni idumu siku 28 zaidi ya hapo. Ukihesabu, zabuni ni halali hadi 26 Julai na dhamana hadi 23 Agosti. Mzabuni makini anakwenda benki mapema, anapewa dhamana inayoisha 23 Agosti, na kuiweka kwenye faili.

Tarehe 24 Machi inatoka nyongeza: idadi moja kwenye jedwali la kazi imerekebishwa, na mwisho umesogezwa hadi 7 Aprili. Mzabuni anafurahia siku 10 za ziada na kurekebisha bei zake. Lakini uhalali nao umesogea, kwa kuwa unahesabiwa kuanzia tarehe ya mwisho: sasa ni hadi 5 Agosti, na dhamana inatakiwa hadi 2 Septemba. Ile iliyo kwenye faili ni pungufu kwa siku 10. Wakati wa tathmini, dhamana yenye muda mfupi kuliko uliotakiwa huhesabiwa kuwa kasoro kubwa, na zabuni hukataliwa hata kama bei yake ni ya chini kuliko zote. Kamati ya tathmini haiwezi kumwita mzabuni aende benki kurekebisha, maana kuruhusu hivyo baada ya bahasha kufunguliwa ni kumpa nafasi ambayo wengine hawakupata.

Baadhi ya hati hukwepa hesabu hii kwa kutaja tarehe kamili ya uhalali badala ya idadi ya siku. Hapo mwisho ukisogezwa, tarehe ya uhalali haisogei yenyewe. Tazama kama nyongeza imeigusa. Kama haisemi kitu na muda wa maswali haujapita, uliza kwa maandishi. Kama umepita, omba benki dhamana yenye siku za kutosha kwa hesabu zote mbili, kwa kuwa dhamana inayozidi muda haimkoseshi mtu zabuni.